Kihenge cha Ndugu Wanne

Haya, sogeeni, na wewe mwenye miguu mirefu ikunje, mwenzako apate pa kukaa. Kisa hiki ni cha zamani ile ambayo wazee wa wazee wangu waliikuta imeshazeeka, milima ikiwa bado haijapewa majina yote. Nikiwauliza walikuwapo, niitikieni walikuwapo. Asiyeitikia ataenda kuchota maji. Walikuwapo? Walikuwapo. Vizuri.

Walikuwapo ndugu wanne wa tumbo moja. Wa kwanza Senkondo, mwenye shamba kubwa na sauti kubwa kuliko shamba lenyewe. Wa pili Nakijwa, na huyo ndiye tutakayemfuata, basi mshikeni vizuri. Wa tatu Mbonea, mtu mpole, nyumba yake imejengwa juu ya mwamba, kavu mwaka mzima. Wa nne Namkunda, kitinda mimba, aliyezaa watoto wengi hata akiwaita kula alikuwa anakosea majina. Watatu walikaa mlimani, kila mmoja na ukoo wake na kelele zake. Nakijwa peke yake alikaa chini, tambarare, ambako mvua huja ikipenda.

Alikaa chini kwa sababu ya mume, Kiondo. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu, wakalima wawili, wakala wawili, na jioni ukipita njiani ungewasikia wakibishana juu ya mambo ya kipuuzi, kama jogoo wa nani anawika mapema. Kisha Kiondo akashikwa na homa. Mganga akasema nitamtibu, ila nileteeni mbuzi kwanza. Nakijwa hakuwa na mbuzi. Akapanda mlima kwa Senkondo. Senkondo akasema mbuzi wake wako malishoni mbali, aende kwa Mbonea. Mbonea akasema mbuzi wake ana mimba, lakini Namkunda lazima atakuwa naye. Namkunda akalia, akasema ngoja mume wangu arudi nimuulize. Hakuna aliyemfukuza, wanangu. Hakuna aliyemsema vibaya. Wote walimpa maji ya kunywa wakamwambia pole. Aliposhuka hatimaye na mbuzi wa kukopa kwa mtu baki, alikuta watu wamekaa nje ya nyumba yake, kimya, na akajua.

Tangu siku hiyo Nakijwa aliishi na nyumba. Alizungumza na kuku. Alisahau sauti yake mwenyewe, akikutana na mtu kisimani alikuwa anakohoa kwanza kabla ya kuamkia.

Walikuwapo? Walikuwapo. Wewe wa nyuma sijakusikia, lakini tuendelee.

Mama yao alipofariki, walikusanyika wote wanne nyumbani kwa marehemu. Matanga yakaanuliwa, nywele zikanyolewa, vyungu na ngozi za mama vikagawanywa bila ugomvi. Watu walikuwa wanafunga mizigo. Hapo Nakijwa akasimama. Akakohoa kwanza, kama kawaida yake.

"Ndugu zangu," akasema, "msiondoke. Nina neno, na sitalisema mara mbili kwa sababu sina nguvu ya kulisema mara mbili. Kiondo alipokufa, mlikuja wote. Kila mmoja alikuja na mbuzi. Mbuzi wakajaa uani kwangu, watu wakala mpaka wakasaza. Nilimtazama kila mbuzi akichinjwa. Mlileta mbuzi wa msiba. Mimi nilitaka mbuzi mmoja wa mganga."

Senkondo akajiweka sawa kwenye kigoda. Akasema kwamba katika nyumba ya baba yao hakuna ombaomba, na mwenye shida milango iko wazi, aje kwake, atapewa.

"Nilikuja kwako, kaka," akasema Nakijwa.

Namkunda alijifunika uso kwa nguo.

Nakijwa akaendelea, na sauti sasa ilikuwa imempanda. Akasema hawalaumu, kwa kuwa mtu akiombwa ghafla huangalia kwanza kilichomo mkononi mwake, na siku hiyo huenda hakimo. Basi wasingoje siku hiyo. Wajenge kihenge kimoja, kighala cha mtama, cha wote wanne, kisicho cha mtu. Kila mavuno, kila mmoja alete. Asilete sawa na mwenzake, alete kwa kadiri ya alichovuna: katika kila vikapu kumi, kimoja. Aliyevuna kidogo ataleta kidogo, wala asichekwe. Aliyevuna vingi ataleta vingi, wala asiwe bwana wa kihenge kwa ajili hiyo.

Mbonea akauliza, kwa upole wake, kikae kwa nani. Kikae kwako, akajibiwa, nyumba yako ni kavu. Lakini wewe hutafungua peke yako. Mlango utazibwa kwa udongo mbichi, wewe utagandamiza kiganja chako na ndugu mwingine chake, na siku ya kufungua lazima muwe wawili, wala anayeomba asiwe mmoja wa hao wawili. Namkunda akauliza, je, mtu akitaka kuoza binti? Hapana. Akitaka kufanya karamu, kununua shamba, kulipa deni la pombe? Hapo wote walimtazama mume wa Namkunda. Hapana. Ni ugonjwa, msiba, moto na njaa, basi. Mtama hubadilishwa kwa mbuzi siku yoyote sokoni, kwa hiyo hata mganga atalipwa. Mwenye shida atapewa kwanza, maswali baadaye. Hatachukua zaidi ya nusu ya kilichomo, maana mwingine anaweza kuugua kesho yake. Akivuna, atarudisha kile alichochukua bila nyongeza, na asipovuna atangojewa. Kihenge kikishuka chini ya nusu, wote wataongeza bila kusubiri mavuno. Na kila mwaka mtama wa zamani utatolewa, utaliwa, na mpya utaingia, usije ukawa unga wa wadudu.

"Na mwenye shida," akamaliza, "aje aseme kwa kinywa chake mbele ya wawili. Nina shida hii. Basi. Asizungushwe nyumba kwa nyumba."

Walibishana mpaka jua likageuka. Senkondo alisema neno shida litaiaibisha familia. Lakini Namkunda akasema yeye anataka, na Mbonea akasema anataka, na Senkondo hakupenda kubaki nyuma. Kihenge kikajengwa. Nakijwa alishuka tambarare siku hiyo akiwa na furaha, lakini alipofika hakukuwa na mtu wa kumsimulia. Akawasimulia kuku.

Miaka ikapita, ya mvua nzuri. Kihenge kikajaa. Mtama wa zamani ukatoka, mpya ukaingia, viganja vikagandamizwa kwenye udongo. Hakuna aliyeomba. Namkunda mtoto wake alipoteguka mguu, aliuza kuku wake kimya kimya. Mbonea paa lake lilipoungua, alilala kwa jirani. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza. Na Senkondo, ambaye alikipinga, sasa alikuwa anakisifia kwa wapita njia: kihenge chetu kimejaa, sisi ndugu wanne hatuna shida. Mnaona mtu?

Kisha tambarare ikakosa mvua. Mlimani ilinyesha, chini haikunyesha. Nakijwa akavuna kikapu kimoja na kiganja. Akala mara moja kwa siku, halafu akala siku moja akaacha moja. Kuku akawachinja, wa mwisho akamchinja huku akimwomba radhi. Sasa hapakuwa hata na wa kuzungumza naye.

Mtauliza, kwa nini hakwenda? Kwa sababu kihenge alikisema yeye. Alilala akifikiri: watasema alikianzisha ili ale. Watasema ndiyo maana alisimama siku ile. Alifanya hesabu ya kanuni zake zote, akaona hakuna hata moja inayomzuia, na bado akashindwa kunyanyuka. Mtu aliyezoea kukaa peke yake hufika mahali hata njaa anaiona ni jambo lake la nyumbani, haliwahusu watu.

Siku ya kuleta ikafika. Kila mmoja lazima alete. Nakijwa akatazama nyumbani kwake, hakuna kitu. Akainua macho. Juu ya meko yake palining'inia masuke ya mtama wa mbegu, yale anayohifadhi kwenye moshi ili mdudu asiyaguse, ya kupanda mvua ikirudi. Akayashusha. Akapura, akapepeta, akapepeta tena, akajaza kikapu kidogo, akapanda mlima taratibu, akikaa kwenye kila jiwe.

Alikuta wote watatu wamekusanyika kwa Mbonea. Wakaamkiana. Namkunda akasema dada umekonda, yeye akasema ni jua. Akampa Mbonea kikapu. Mbonea akatia mkono achanganye mtama na ule mwingine, kama kila mwaka. Mkono ukasimama. Akauleta mkono puani. Akanusa tena. Kisha akampa Senkondo kikapu, na Senkondo akanusa.

Kila mkulima anajua harufu hiyo, wajukuu zangu. Mtama wa kula hukaa ghalani, haunuki moshi. Unaonuka moshi ni mbegu. Na mtu akileta mbegu, hana kilichobaki cha kula wala cha kupanda.

Nakijwa aliona wamejua. Alitazama chini. Alingoja waseme, na moyoni aliomba wasiseme.

Senkondo akaweka kikapu chini. Akaenda akasimama mbele ya mlango wa kihenge, akawaelekea Mbonea na Namkunda, yule mtu wa sauti kubwa, na sauti ilimtoka ndogo.

"Mimi Senkondo nina shida," akasema. "Dada yangu ana njaa, na mimi nimekuwa nikilala nimeshiba. Shida hii ni yangu. Naomba mnifungulie."

Mbonea akapasua udongo upande mmoja, Namkunda akapasua upande wa pili. Hawakumwuliza swali. Wakampimia. Na kikapu cha mbegu kikarudishwa kwa mwenyewe bila kupungua hata punje.

Senkondo alijitwika mtama kichwani, mzee mzima, akashuka tambarare nyuma ya Nakijwa. Alipoingia nyumbani aliona meko baridi na chungu kimoja, bakuli moja, kigoda kimoja. Akakaa chini sakafuni. Nakijwa akasaga, akawasha moto, akasonga ugali. Alipoupakua akashangaa, akautazama kwa muda mrefu. Ulikuwa mdogo. Kikapu kimejaa pembeni yake, na mkono wake ulikuwa umepima maji ya mtu mmoja na unga wa mtu mmoja, kama ulivyopima miaka yote.

"Kaka," akasema, "nimesahau kupikia watu wawili."

Hapo ndipo alipolia. Senkondo akasema hakuna ubaya, ongeza maji, mimi nangoja. Na akangoja.

Tangu siku hiyo waliongeza kanuni moja: ndugu anaweza kumwombea ndugu, na kila mwezi mmoja wao lazima ashuke au apande akaingie ndani ya nyumba ya mwenzake, asiishie mlangoni. Basi na ninyi mkija kuwa na kihenge chenu, cha mtama au cha chochote mtakachokuwa nacho wakati wenu, jazeni, ni vizuri. Lakini msikae juu yake mkingoja mtu aje aombe. Mwingine hataomba kamwe. Nendeni mkaingie, mtazame meko yake.

Kisa changu nimekitua hapa. Mwenye shingo ngumu akitwike aende nacho. Mimi shingo yangu imechoka.