Shairi la Herufi M Siku ya Tunu

Sifa isiyo jina huokotwa na mpita njia. Methali hii mmeisikia leo mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Basi tulieni, ilianza hivi.

Shekue alikuwa kijana mwenye moto, aliyejifunza kutunga peke yake. Tunu, binti wa dada yake Saumu, alipokaribia kutimiza mwaka, Shekue alitangaza kwamba siku ya kuzaliwa ya mtoto angesoma shairi ambalo kila neno lingeanza kwa M. Wenzake wakamwambia watakuja na sinia, na kila neno litakalotoroka M watalipigia sinia hilo.

Wiki nzima hakutulia. Majina hayakumsumbua, maana mtoto, macho na meno yote yalikuwa upande wake. Viungo vidogo ndivyo vilivyomtesa: "na", "wa", "ya", vyote vilimponza. Hata "anacheka" lilianza kwa A. Mwishowe akaacha kusimulia, akaomba: mtunze, mpe. Siku ilipofika, akasimama ukumbini:

*Mtoto mwema, mtoto mzuri,*
*macho maangavu, meno mawili.*
*Mama mtunze, majirani mpendeni;*
*Mola mpe maisha marefu.*

Sinia halikulia. Lakini jirani aliyempakata mwanawe Mkasi, naye wa meno mawili, alimwinua mwanawe juu huku akishukuru, akidhani ndiye aliyesifiwa. Watu wakamgeukia Mkasi, wakampigia vigelegele. Saumu akamchukua Tunu, akaelekea chumbani. Shekue akamfuata mbio hadi mlangoni.

"Dada, sikukosea hata neno moja."

"Hukukosea. Umemsifu mtoto wa watu."

"Ningemtaja Tunu, wangepiga sinia."

Saumu akamtazama. "Siku yake ya kuzaliwa, jina lake ndilo kosa?"

Shekue alijua kwamba M aliichagua kwa ajili ya wale wenye sinia. Na sasa Saumu alikuwa ameshika komeo. Mlango ukifungwa, sherehe ya Tunu ingekwisha bila Tunu.

"Mrudishe, dada. Nipe nafasi moja."

Saumu akaliachia komeo, akamrudisha Tunu, na Shekue akasimama tena ukumbini bila karatasi, akatangaza kwamba sasa kila neno litaanza kwa T. "Tunu na…" Sinia likalia. "Tunu wa…" Likalia tena, na mmoja akamwambia, "Mshairi, maji yamekufika shingoni." Lakini hakukaa. Kisha akagundua kwamba T inabeba "tu", ile ya "sisi", na ndani ya "tu" wamo watu wote waliokuwa pale:

*Tunu, tunu tuliyotunukiwa,*
*tabasamu tamu tunalitazama.*
*Tambaa taratibu, tembea, tutakutunza.*

Shairi lilikuwa fupi kuliko lile la kwanza. Ila kila alipotamka "Tunu", mtoto aligeuza kichwa kumtafuta aliyemwita. Safari hii jirani alimtuliza Mkasi mapajani, akampigia Tunu makofi.

Saumu akaketi na mwanawe katikati ya watu, akamwambia Shekue neno ambalo mji mzima umelishika hadi leo: sifa isiyo jina huokotwa na mpita njia.