Maharage Yanayozama

Bibi mmoja alikuwa na mjukuu wa kike ambaye sauti yake haikuzidi ya kifaranga. Mtoto huyo aliitwa Sekela. Hakuwa bubu wala mjinga. Hesabu alizimaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Lakini ukimsimamisha mbele za watu, koo lilijifunga kama mdomo wa gunia. Walipomweka aongoze wimbo shuleni, alisimama akatazama vidole vya miguu yake mpaka mwalimu akachoka, na kesho yake hakuonekana. Kwaya ya kanisani aliiacha hivyo hivyo. Mdahalo hivyo hivyo. Kila alipokwama aliondoka, na kila alipoondoka alipata nafuu, na ile nafuu ndiyo iliyokuwa ikimharibu.

Kazi aliyoipenda ni ya mbegu, kwa kuwa mbegu hazimtazami mtu. Msimu wa kupanda ukikaribia, bibi yake humwaga maharage kwenye beseni la maji, wakangoja. Yaliyoliwa na fukusi huelea. Kwa macho ni maharage kama mengine, mekundu, yanang'aa, pengine makubwa kuliko hayo mazima. Ndani ni vumbi tupu. Bibi huyakomba juu kwa kiganja na kuwatupia kuku. Yanayobaki chini, hata yawe madogo na yamekunjamana, hayo ndiyo ya kwenda shambani. Siku moja Sekela alitaka kulinusuru moja lililokuwa zuri sana, na bibi akampiga kidogo mkononi. "Lipande basi," alimwambia, "umwagilie shimo mpaka mvua ziishe."

Mtoto akafaulu, akapangiwa shule ya bweni ng'ambo ya milima. Shangazi yake wa mjini, Subilaga, akaja na tranka jipya na maneno mengi. Hakuwa mtu mbaya. Tranka alilinunua kwa jasho lake. Ila kule anakosali walikuwa wamemfundisha kwamba ukitaka jambo, unalitamka kama vile umekwisha kulipata. Akamsimamisha Sekela mbele ya kioo cha kabati. "Kiri, mwanangu. Sema, mimi ni simba. Siogopi mtu. Kila mtu ananipenda. Kwa sauti, siyo kama mtu anayeomba chumvi." Sekela akakiri mpaka kioo kikaota ukungu. Shangazi akapiga makofi. Bibi alikuwa jikoni akikaanga karanga za safari, akizigeuza kwa nguvu kuliko zilivyohitaji.

Baba yake alimfikisha getini, akamkabidhi kwa matroni, akageuka upesi asije akaonekana machozi. Sekela akalifuata tranka lake mpaka bwenini. Palikuwa na vitanda vya chuma vya kupandana, ndoo chini ya kila kitanda, harufu ya sabuni ya kufulia, na kelele za wasichana waliokuwa wakikumbatiana baada ya likizo. Kila jina lililoitwa mle lilikuwa na mtu wa kuliitikia. Lake halikuitwa. Alikalia ukingo wa godoro, magoti pamoja, akashika kifuko cha karanga kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake. Hakuna aliyemwonea. Hilo lilikuwa baya zaidi, maana anayekuonea walau amekuona.

Kitanda cha juu yake kilikuwa cha msichana wa kidato cha pili aliyeitwa Kabula, mrefu, mcheshi, mwenye mdomo usiofungwa. Yeye ndiye aliyeinama kutoka juu, nywele chini miguu juu, akamtangazia desturi ya bweni. "Wewe njuka, usijikaushe. Leo kabla taa hazijazimwa njuka wote, wageni wa mwaka huu, mnajitambulisha. Unapanda juu ya tranka lako pale katikati. Jina, unakotoka, na jambo moja linalokuhusu. Usipofungua mdomo, utasimama pale pale mpaka ufungue. Hatuna haraka."

Sekela akajua papo hapo atakalofanya. Akishindwa, asubuhi atamwambia matroni anaumwa, baba atakuja kumchukua, na akishafika nyumbani hatarudi tena. Alijijua. Kama alivyoacha wimbo, ndivyo atakavyoacha shule, na nafuu itakuwa ile ile. Kilichokuwa kimesimama kati yake na mlango ni maneno ya shangazi, hayo tu. Wenzake walipotoka kwenda kunawa, akageukia ukuta, akaanza kukiri.

Akasema, "Siogopi mtu." Tumbo likamjibu, muongo. Akasema, "Kila mtu ananipenda." Moyo ukamuuliza, nani? Mtaje hapa, hata mmoja. Alipozidi kutamka ndivyo ushahidi ulivyozidi kumjia: wimbo ule, kwaya ile, vidole vyake vya miguu. Alikuwa kama mtu anayeita mashahidi waje kumtetea, nao wanaingia mmoja mmoja wakikaa upande wa pili. Akadhani kosa ni sauti ndogo. Akaongeza. "Mimi ni simba."

"Nani simba?" Kabula alikuwa hajatoka. Alikuwa juu, amejilaza. Akacheka mpaka kitanda kikatikisika, kisha akawapelekea habari waliokuwa wakirudi na taulo. "Jamani, tumeletewa simba. Nipo naye hapa chini, mnilindie roho yangu." Mmoja akauliza kama simba anakula ugali. Mwingine akasema jina limeshapatikana, wasihangaike kumtafutia jingine. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na usiku mrefu na hawana redio. Lakini Sekela alitamani ukuta ufunguke.

Wakakusanyika. Njuka wa kwanza akapanda juu ya tranka lake, akajieleza, akashuka. Wa pili naye. Sekela alikuwa wa mwisho, kitanda cha pembeni. Akaanza kumenya karanga ili mikono ipate kazi ya kufanya, na ganda jembamba jekundu likadondoka kwenye ndoo yake ya maji aliyoyateka kwa ajili ya asubuhi. Likaelea. Likazunguka polepole juu ya maji, jekundu, zuri, halina kitu ndani. Akalitazama muda. Akachukua karanga yenyewe, akaidondosha. Ikaenda chini moja kwa moja na kugonga plastiki.

Basi Sekela akafanya kazi aliyoijua. Akachukua neno la simba, akaliweka moyoni kama unavyoweka harage majini, akangoja. Likaelea, kila kitu ndani yake kililisukuma juu. Akalikomba akalitupa. Siogopi: likaelea. Wananipenda: likaelea. Akaona hana mbegu tena, na hapo upweke ukamshika kisawasawa, kwa kuwa hata maneno yalikuwa yamemwacha. Kisha, kwa kukosa kingine, akajisemea kwa jina, kama bibi anavyomsema, bila kubembeleza. Sekela, unaogopa. Akangoja. Likazama. Hakuna kilichobisha. Sekela, unaogopa, na umefika hadi hapa na woga wako. Likazama nalo. Sekela, sauti yako ni ndogo, lakini jioni ukiita kuku wanakuja, hata wa kwa jirani. Kweli, wanakuja. Usiku huu utakwisha kama usiku mwingine. Nao utakwisha. Hujaambiwa uwe simba, umeambiwa useme jina lako, na jina lako unalijua.

Maneno yalikuwa madogo, yamekunjamana, hayafai kuandikwa ukutani. Akayarudia taratibu, kila moja kwa pumzi ndefu ya kutoka, kiganja amekiweka kwenye chuma baridi cha kitanda ili akumbuke yuko wapi. Woga haukuondoka. Alikuwa ameungoja uondoke miaka yote kabla ya kufanya jambo, na leo akaona kwamba haukuwa umekaa njiani. Ulikuwa umekaa pembeni tu, na mtu anaweza kupita huku unamtazama.

Wakamwita. "Simba, zamu yako. Tungurumie." Akapanda juu ya tranka la shangazi, nalo likalia chini ya miguu yake. Nyuso zote zikamgeukia. Akatoa pumzi mpaka ikaisha, akatafuta lile harage lililozama kuliko yote, akalitoa kama lilivyo.

"Mimi si simba. Naitwa Sekela, natoka milimani kwenye maharage, na ninaogopa."

Mmoja akacheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. Kiranja wa bweni akasema, "Sauti, hatujasikia huku nyuma," na Sekela akayarudia yote, mara hii yakafika mlangoni. "Haya, shuka," kiranja akasema, "mkatandike." Basi. Hakuna aliyemkumbatia. Hakuna aliyemsogelea kumuuliza maharage gani. Walitawanyika wakiongea mambo yao, naye akaliburuta tranka lake mpaka pembeni peke yake.

Taa zikazimwa. Sekela akalala chali akitazama vyuma vya kitanda cha juu. Alikuwa mpweke vile vile alivyokuwa mchana. Godoro lilikuwa la kigeni, na nyumbani saa hizo bibi alikuwa akifunga mlango wa jiko kwa jiwe. Lakini hakuwa akipanga tena cha kumwambia matroni. Akatafuta ule mpango wa kuumwa akaukuta umelegea, kama jino. Kisha akasikia vyuma vinatikisika, kidogo kidogo, na safari hii haikuwa kicheko. Kabula alikuwa akilia ndani ya shuka, kwa ustadi, kama mtu aliyezoea kufanya jambo bila kusikika. Naye ni wa kidato cha pili, mwenye marafiki bweni zima, na usiku wake wa kwanza ulikwisha mwaka jana.

Sekela angeweza kumwambia, usilie, wewe ni hodari. Akaliweka neno hilo majini. Likaelea. Akangoja mpaka akapata jingine.

"Kabula," akasema, kwa ile sauti ya kuita kuku. "Na mimi."

Vyuma vya juu vikatulia.

Nanyi mnaowafungia watoto mizigo ya safari na kuwajaza maneno makubwa yanayong'aa, ni lipi kati ya hayo mmewahi kulitia kwanza kwenye maji?