Kwa Nini Lakshmi Haagwi Usiku wa Diwali

Sogeeni karibu, nanyi mnaodokoa peremende za sadaka kabla ya wakati, nawaona. Mmeniuliza kwa nini mwisho wa sala ya Diwali miungu wengine wanaagwa, lakini Lakshmi, mama wa neema, anaambiwa abaki. Basi tulieni.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani, wazee wetu kutoka Uhindi walipokuwa wageni hapa Bagamoyo, miungu wote waliagwa pamoja, taa ikaachwa izime yenyewe, na nyumba ikalala gizani. Diwali huangukia usiku usio na mwezi, kwa hiyo giza lilikuwa giza kweli.

Siku hizo aliishi mama mmoja, Ujamba, mke wa Kalyanji muuza vitambaa. Walikuwa na binti mmoja tu, Manek. Manek alikwisha kuolewa na kijana aitwaye Ladha, ila alikuwa bado kwa wazazi wake, akimngoja mumewe afungue duka Tabora. Duka likafunguliwa, na Ladha akaja kumchukua siku ileile ya Diwali. Jioni hiyo walipaswa kwenda kulala kambini nje ya mji, ili msafara uondoke alfajiri. Kiongozi wa msafara alikuwa Mnyamwezi, na sikukuu zetu hazikumhusu. Enzi hizo aliyekwenda Tabora alililiwa kama aliyekufa.

 Ujamba alisafisha nyumba, akachovya vidole katika unga wa mchele uliokorogwa kwa maji, akachora nyayo ndogo kutoka mlangoni hadi mahali pa sala. Nyayo zote zilielekea ndani, kwa kuwa ni za Lakshmi anayeingia. Manek alizikanyaga kwa bahati mbaya, mama akazichora upya huku machozi yanamtoka.

Jua lilipotua walitandika kitambaa chekundu juu ya kigoda, wakapanga juu yake sanamu za miungu. Wakaweka chombo cha shaba chenye maji, majani ya mwembe mdomoni mwake na nazi juu. Wakawasha kwanza taa ya samli. Kalyanji akamwomba Ganesh kabla ya wote, maana ndiye anayefungua njia, na sala isiyoanza naye haijaanza. Ndipo akamkaribisha Lakshmi. Akampaka msandali na unga mwekundu, akamwekea punje za mchele zisizovunjika, kisha maua. Akafukiza udi, akamwonyesha taa, na baada ya taa ndipo akamtolea chakula: matunda na peremende za maziwa. Mgeni huangaziwa kwanza, ndipo aandaliwe. Mwisho akaweka maji, tambuu na popoo. Wakasimama wote wakaimba, taa ikizungushwa mbele ya sanamu kuanzia kushoto kwenda juu na kushukia kulia, kisha kila mtu akapitisha viganja juu ya moto na kujipangusa usoni.

Likabaki jambo moja. Mchele wa kuwaagia miungu ulikuwa mkononi mwa Ujamba. Ilikuwa kazi yake kuunyunyiza, na Kalyanji aseme, "Rudini kwenu, mje tena."

Ujamba akafumba ngumi.

Alijua hakuna anayeanza safari wakati sala haijafungwa. Akakaa hapo mbele ya kigoda, akaongeza samli kwenye taa, akaongeza tena. Ladha akakohoa. Kalyanji akasema taratibu, "Mama Manek, watu wanangoja." Akajibu, "Wangoje. Mimi sijamaliza."

Nawaambieni kweli, mimi ningefanya hivyohivyo.

Ndipo Manek akapiga magoti, akashika ile ngumi kwa mikono yake miwili. "Ba," alisema, na ndivyo tunavyomwita mama, "ukinizuia leo, kesho watakuja tena kunichukua. Waage tu miungu."

"Nikimaliza huu mchele, nyumba itabaki na nini? Siku uliyozaliwa baba yako alisema Lakshmi ameingia. Sasa nimwage mara mbili jioni moja?"

Manek akalia. Kisha akasema, "Basi niage mimi. Yeye mwambie abaki."

Ujamba akamtazama sana. Akafumbua mkono, akamnyunyizia Ganesh na miungu wengine wote, na yeye mwenyewe, si mumewe, akasema, "Rudini kwenu, mje tena." Alipofika kwa Lakshmi akasema, "Wewe usiende. Kaa nami." Mchele uliobaki akamtilia binti yake kwenye pindo la sari, akaufunga fundo. Hakuweza kusema kwaheri. Manek akatoka na Ladha.

Usiku kucha taa ile haikuzima, na mlango haukufungwa. Manek hakurudi Bagamoyo tena.

Na tangu siku hiyo, katika mtaa wetu, Lakshmi haagwi. Taa yake hutiliwa samli hadi asubuhi, na ingawa wanaume huongoza sala, maneno ya mwisho husemwa na mama mwenye nyumba. Mkimsikia sauti inamkatika hapo penye "usiende", msimkumbushe maneno. Anayajua.