Hotuba ya Nguchiro Siku ya Tuzo

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama waliamka alfajiri, wakanawa uso na kuwahi kazini kama wazazi wenu, kulikuwa na kiwanda kidogo cha sukari guru kando ya mto. Sogeeni karibu. Na wewe acha kumfinya mwenzako, usikilize.

Kiwanda chenyewe kilipendeza, wanangu! Bwana Tembo alibeba miwa kutoka shambani. Bwana Nyati alizungusha kinu, kriii, kriii, maji ya miwa yakachuruzika. Ngedere waliyachemsha kwenye karai kubwa, wakakoroga mpaka yakawa mazito, kisha wakayamimina kwenye kalibu za mbao yagande. Na makapi, yale mabua yaliyokwisha kukamuliwa, hayakutupwa. Bi Kanga aliyatandaza uani, akayachakurachakura kwa miguu yake mpaka yakakauka, na hayo ndiyo yaliyokuwa kuni za kiwanda.

Katibu wa kiwanda alikuwa Nguchiro. Mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na kwa maneno, loo, hakuwa na mpinzani!

Asubuhi moja meneja, Mzee Kiboko, alimwita ofisini. Alikuwa anavuja jasho kama aliyetoka kuogelea.

"Funga mlango, mwanangu."

"Kuna nini, Mzee?"

"Kamati imemchagua mfanyakazi bora wa mwaka. Ni Bi Kanga. Jina lake limeshachongwa kwenye ngao."

"Anastahili! Sasa jasho la nini?"

"Jana alikuja Bwana Tembo. Anasema asipotangazwa yeye, anaacha kazi siku hiyohiyo. Alipotoka tu, akaingia Bwana Nyati. Maneno yaleyale! Huyu akiondoka, miwa itaozea shambani. Yule akiondoka, kinu kitasimama. Kiwanda kimekufa, na sote tunarudi porini kuchimba mizizi."

"Sasa Mzee utawaambiaje?"

"Mimi? Siwaambii kitu. Hotuba ya tuzo ni kazi ya katibu."

Nguchiro akatoka nje kimyakimya, apite ukutani asionekane. Wapi! Mguu wa Bwana Tembo ulitua mbele yake, puu!

"Wewe Nguchiro!"

"Shikamoo, Bwana Tembo."

"Marahaba. Nasikia hotuba unaiandika wewe. Unamjua anayestahili?"

"Namjua vizuri sana, bwana."

"Hewaa! Maana ukikosea nitakukanyaga, na wala sitahisi kama nimekanyaga kitu."

Akapita nyuma ya kinu, akamkuta Bwana Nyati ameinamisha pembe.

"Katibu, anayestahili tuzo unamjua?"

"Namjua, bwana. Tena nitamtaja mbele ya watu wote."

Nyati akatabasamu. Tembo naye, kule mbali, alikuwa bado anatabasamu. Nguchiro hakuwa amesema uongo hata kidogo.

Sasa sikilizeni. Pale kiwandani walikuwa na desturi yao ya siku ya tuzo. Msemaji hakuruhusiwa kusema tu kwamba fulani ni hodari, halafu akakaa. Alitakiwa atoe mfano: kulitokea shida gani, nani alimsaidia nani, na kazi ikawaje baadaye. Jina alilificha mpaka mwisho, watu wapime matendo kabla ya kumtazama mtu. Na kwa kila mfano, mwenzake aliyekuwepo alisimama akasema, "Nimeshuhudia." Aliyeshuhudia hakuweza kupewa tuzo mwaka ule, ili asije mtu akajishuhudia mwenyewe.

Desturi hiyo kila mtu aliijua. Lakini kujua ni jambo moja, na kukumbuka wakati unasifiwa ni jambo jingine kabisa! Nguchiro alipoliwaza hilo, akacheka peke yake.

Akaanza kuzunguka kiwandani akiuliza. "Niambieni, ni lini mwenzenu aliwasaidia mkaweza kitu ambacho msingekiweza?" Alidhani atapewa vijihadithi viwili vitatu vya kujazia hotuba. Ngedere wakamwambia. Wakata miwa wakamwambia. Na kila alivyosikia, ndivyo mdomo wake ulivyozidi kuachama. Alikuwa amekaa ofisini siku zote akisikia kriii, kriii, akadhani ni kelele za kinu basi. Kumbe nyuma ya kelele zile wenzake walikuwa wanashikana mikono hivyo! Alirudi kuandika akiwa ameguswa sana, na kidogo asahau kwamba anaandika mtego.

Siku ya tuzo ikafika. Wote walikuwa wameoga. Tembo alikuwa amesugua pembe zake zikang'aa, Nyati alikuwa amechana nywele za kisogoni, na kila mmoja alikaa mstari wa mbele karibu na njia ya kupitia. Bi Kanga alikaa nyuma kabisa, karibu na makapi yake.

Nguchiro akapanda juu ya karai lililofunikwa kifudifudi. Akakohoa kidogo.

"Mheshimiwa Meneja, wajumbe wa kamati, wafanyakazi wenzangu wote, wakubwa kwa wadogo. Tuzo hii hatumpi aliyefanya kazi kubwa kuliko wote. Tunampa yule ambaye kwa sababu yake wenzake walifanya kazi vizuri zaidi. Nitawaeleza aliyoyafanya. Jina litakuja lenyewe."

Tembo akajinyoosha.

"Mnaikumbuka siku ya mvua? Karai lilikuwa motoni, limejaa mpaka ukingoni. Makapi yote yalikuwa uani. Mara wingu hilo, ngurumo hiyo, ngruu! Yakilowa, moto unazimika. Moto ukizimika, maji ya miwa yanachachuka na kazi ya shamba zima inamwagwa. Mfanyakazi ninayemsema hakukimbilia kujificha. Aliita wenzake kwa majina, akampa kila mmoja kazi anayoiweza. Ngedere wapange ndani ya banda. Nguruwe wasukume kwa pua. Na alijua kwamba hapa duniani kuna mkonga mmoja tu unaoweza kubeba lundo lile kwa mara moja!"

"Wangu!" Tembo akaruka. "Mkonga wangu! Nilibeba lundo zima, fyuu, mpaka bandani! Tone la kwanza lilidondoka nikiwa nalitua!"

"Bwana Tembo, ulikuwepo? Unathibitisha kwamba kulikuwa na mpango, na mpango ule ndio uliookoa sukari?"

"Nilikuwepo! Bila mpango ule ningekuwa bado niko shambani naokota miwa, sijui hata mvua inakuja! Nimeshuhudia!"

"Ahsante sana, bwana. Makofi kwake!"

Makofi yakapigwa, pa! pa! pa! Tembo akakaa, masikio yanapepea kwa raha. Nyati akamtazama kwa wivu.

"Mfano wa pili," alisema Nguchiro, na sauti yake ikashuka. "Kuna siku kinu kilikwama. Anayekizungusha ana nguvu ambazo mimi nikizitazama naogopa. Akasukuma. Mhimili ukaanza kulia, krrr, krrr. Angeongeza nguvu kidogo tu, ungekatika. Mfanyakazi ninayemsema akasikia sauti imebadilika. Hakumkaripia mwenzake, wala hakwenda kumsema kwa meneja. Alimfuata, akamwambia, 'Ndugu yangu, rudi nyuma kidogo, nikutazamie.' Na yule mwenye nguvu, mwenye pembe zile, akakubali kurudi nyuma! Nyie, hilo ni jambo dogo? Mwenye nguvu akashikilia mhimili usiteleze, na huyu ninayemsema akaingiza kichwa katikati ya magogo mawili yale mazito, akachomoa jiwe lililoingia na miwa. Mmoja angelegea kidogo, mwingine angekufa."

Hata ngedere hawakujikuna. Nyati alisimama polepole.

"Ni kweli," alisema. "Nilishikilia mpaka macho yakaona giza. Niliogopa. Sijawahi kumwambia mtu kwamba niliogopa. Kesho yake miwa ikaanza kupigwapigwa chini kabla ya kuja kwangu, ili mawe yatoke. Alikwenda yeye mwenyewe kuwaomba wakata miwa, na Tembo akakubali kuinyanyua mara mbili. Kinu hakijakwama tena. Nimeshuhudia."

Na Nguchiro, aliyekuwa juu ya karai, alishusha karatasi yake. Kisa kile alikiandika mwenyewe, lakini kukisikia kwenye kinywa cha Nyati kulimfanya aone kama mlima umeongea.

Akaendelea: "Na kila asubuhi kabla moto haujawashwa, huyu anapita kwa kila mtu anauliza, 'Leo umepungukiwa nini?' Basi. Mfanyakazi bora wa mwaka, njoo uchukue ngao yako, Bi Kanga!"

"Kwee?" alisema Bi Kanga kule nyuma.

Vichwa vyote vikageuka nyuma.

"Ala!" Tembo akasimama, vumbi likatimka. "Bi Kanga? Si mimi?"

"Umeshuhudia, bwana," alisema Nguchiro kwa sauti ndogo, huku akipima kwa jicho umbali wa tundu lililo karibu. "Shahidi hapewi tuzo."

Nyati naye akakumbuka. "Na mimi pia... nimeshuhudia."

Mzee Kiboko alikuwa amefumba macho. Tembo akaanza kutembea. Puu. Puu. Kila mtu akampisha. Akampita Nguchiro bila kumkanyaga, akaenda moja kwa moja mpaka nyuma, akasimama mbele ya Bi Kanga, akaitazama miguu yake myembamba iliyochubuka kwa kuchakura makapi. Aliitazama sana.

"Miaka yote hii," alisema Tembo, "mimi nilidhani moto unawaka wenyewe."

Kisha akakunja mkonga, akamnyanyua Bi Kanga taratibu, akampeleka mbele ya watu. Nyati akampokea kwa kuinamisha kichwa. Mzee Kiboko akampa mkono, akampa ngao, na ngao ilikuwa kubwa kuliko aliyepewa, ikabidi Nyati aishikilie.

"Ahsanteni," alisema Bi Kanga, manyoya yote yamemsimama. "Mimi niliita tu. Nyie ndio mliokuja."

Vigelegele hivyo! Ngedere walirushana hewani, na wengi walilia bila aibu.

Watu walipoanza kula, Tembo alimfuata Nguchiro. Safari hii hakukuwa na tundu la karibu.

"Umenifanyia ujanja, wewe."

"Ndiyo, bwana."

"Ulijua kwamba nikisifiwa nitaruka."

"Nilijua, bwana. Lakini sikusema lolote ambalo si kweli."

"Na kesho ulitaka niende wapi, baada ya kukiri mbele ya watu wote kwamba siwezi kazi bila wenzangu?"

"Nilitaka uje kazini, bwana."

Tembo akapiga magoti, kilima kile chote, mpaka sikio lake likafika usawa wa mdomo wa Nguchiro.

"Hebu nisomee tena," alimnong'oneza. "Pale anapotuita kwa majina."

Nguchiro akaanza kusoma, na Nyati naye akasogea.

Funzo lake, wanangu, ni hili: ukimsifu mtu, taja alichofanya na aliofanya nao, na hata wenye nguvu watasimama kumshangilia.