Meseji ya Hondo kwa Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na nyie wakubwa huko nyuma sogeeni, hii si ya watoto peke yao.

Hapo zamani za kale, ndege walikuwa na simu. Msicheke. Mimi ndivyo nilivyosimuliwa na bibi yangu akaapa, basi walikuwa nazo.

Palikuwa na hondohondo dume, anaitwa Hondo. Mdomo huo, mkubwa! Mke wake aliitwa Siwema. Na desturi ya hondohondo mnaijua? Mke akitaka kutaga anaingia ndani ya shimo la mti. Akishaingia, mlango unazibwa kwa udongo. Paka, paka, paka, mpaka unabaki ufa mwembamba, wa kupita ncha ya mdomo tu. Humo ndani mke ananyonyoka manyoya, hawezi kuruka. Anakula anacholetewa na mumewe. Asipoletewa, hali.

Basi Siwema akaingia kwenye mninga. Wakaziba. Akatotoa pacha, Kulwa na Doto. Hondo analeta panzi, analeta kuyu, anapitisha kwenye ufa. Leo analeta, kesho analeta. Maisha yanakwenda.

Siku moja Hondo akaja mdomo mtupu. Kaja na rafiki yake Kunguru, na wenzake huyo Kunguru, genge zima. Siwema akachungulia ufani. "Baba Kulwa, watoto hawajala tangu jana."

Hondo akaona haya mbele ya wenzake. Akasema, "Nyamaza wewe, kuku uliyenyonyolewa! Bila mdomo wangu ungekuwa vumbi humo."

Kwaa! Kwaa! Kwaa! Makunguru wakacheka. Hondo naye akacheka. Halafu, puruu! Wakaruka wote mpaka ng'ambo ya mto, kwenye mkuyu ulioiva.

Akakaa siku ngapi? Tatu.

Siku ya kwanza simu ya Hondo, tirim! "Watoto wana njaa." Akaisoma. Akala kuyu.

Siku ya pili, tirim! "Doto halii tena." Akaisoma. Kunguru akamwuliza, "Nani huyo?" Akasema, "Wa nyumbani, kelele tu." Akaigeuza simu, uso chini.

Siku ya tatu simu haikulia.

Hondo akarudi na panzi mnono. Akafika kwenye mninga. Ufa haupo! Umezibwa kwa ndani. Akagonga. Kimya. Jirani yao, Bi Kigogota, yuko upande wa pili wa mti anatoboa, go! go! go! Ametoboa kitundu kidogo, anapitisha funza wa mtini.

"Shemeji," akasema Bi Kigogota, "Doto amekufa jana. Kulwa mzima, kidogo."

Hondo akakaa kwenye tawi. Panzi akamponyoka. Kisha akachukua simu, akaandika, akatuma. Tirim! ndani ya mti.

"Samahani kwa yote yaliyotokea. Hakuna ndege asiyekosea. Tusonge mbele."

Alama mbili za buluu zikawaka. Siwema ameisoma. Jibu hakuna.

"Nimeshaomba samahani, anataka nini tena?" akasema Hondo.

"Hiyo umeandika mwenyewe?" akauliza Bi Kigogota.

"Kunguru alinitumia. Yeye humtumia mkewe kila Ijumaa."

"Na mke wa Kunguru yuko wapi?"

"Alikwenda kwao."

"Ehee!" Go! go! go!

Kesho yake Hondo akaandika nyingine. "Mke wangu, samahani kama nilikuudhi. Lakini na wewe ulinisema mbele za watu. Na mimi nilikuwa nimechoka, kuleta chakula kila siku si mchezo. Nakupenda." Akaweka mioyo myekundu mitano. Akatuma.

Safari hii Siwema akajibu. Neno moja.

"Kama?"

Hondo akampelekea Bi Kigogota simu. "Anasema nini huyu?"

"Anasema hivi, shemeji. Mtoto amezikwa humo humo ndani, chini ya miguu ya mama yake. Na wewe unaandika 'kama'. Kwani hujui? Halafu ukaomba samahani nusu, nusu ukamrudishia yeye. Kuchoka kwako anakujua. Atamlisha Kulwa mioyo?"

"Sasa niandikeje?"

"Mimi sijui kuandika. Najua kuuliza. Ulimwambia nini?"

Hondo akaparuza tawi kwa mdomo.

"Nauliza, ulimwambia nini?"

"Nilimwita kuku aliyenyonyolewa."

"Nani alisikia?"

"Kunguru na wenzake. Watoto pia."

"Manyoya alinyonyoka kwa ajili ya nani?"

Hondo machozi yakamtoka. "Wanangu."

"Basi yaandike hayo. Usianze na kwamba ulichoka. Na usimwambie akusamehe haraka, msamaha ni wake."

Kesho yake alfajiri Hondo akavuka mto kwa Kunguru, akarudi, akaandika tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Anaandika, anafuta. Akaandika "Kunguru ndiye," akafuta. Akaandika "sikujua," akafuta, maana alijua. Siwema ndani anaona kwenye simu yake, anaandika, ameacha, anaandika, ameacha. Mwisho, tirim!

"Siwema. Nilikuita kuku aliyenyonyolewa mbele ya Kunguru na wenzake, na Kulwa na Doto wanasikia. Manyoya uliyatoa kwa ajili ya wanetu. Walipocheka, nilicheka nao. Meseji yako ya kwanza niliisoma nikaendelea kula. Ya pili ulisema Doto halii. Niliisoma. Niliigeuza simu. Nikasema ni kelele. Doto alikufa kwa njaa nami nimeshiba, na mto nauvuka kwa mapigo kumi ya mbawa. Hilo nimelifanya mimi, si mwingine. Kwa Kunguru nimekwenda leo, nimewaambia hivyo hivyo mbele yao wote. Nitaleta chakula kila asubuhi na kila jioni mpaka Kulwa aruke, unisamehe usinisamehe. Usinijibu kama hutaki."

Alama za buluu. Hondo akangoja. Bi Kigogota akaacha kutoboa.

Tirim.

"Nimesoma mara tatu. Ndivyo ilivyokuwa, hujaacha kitu. Ungeyaandika haya siku ile ya pili, Doto angekuwepo. Kulwa anapenda panzi wasio na miguu migumu. Mimi usinisemeshe."

Ndani kukasikika kwaru, kwaru. Udongo ukadondoka. Ufa ukafunguka, mwembamba. Kikatoka kidomo kidogo. Cha Kulwa. Cha mama hakikutoka.

Hondo akaleta. Asubuhi akaleta, jioni akaleta. Miguu ya panzi anaitoa moja moja. Mvua inanyesha, analeta. Akisema moyoni, labda leo. Akifika, kidomo cha Kulwa.

Mwezi ukapita. Manyoya ya Siwema yakarudi, meusi, yanang'aa. Siku hiyo Hondo akakuta mlango unavunjwa kwa ndani. Ko! ko! ko! Udongo wote chini. Siwema akatoka. Akamtazama mumewe. Hakumtukana. Akasema, "Ahsante kwa panzi." Akamwita Kulwa. Wakaruka wawili, fuu, fuu, fuu, wakavuka msitu, wakapotea.

Hondo akachungulia shimoni. Akaona simu ya Siwema imeachwa. Imegeuzwa, uso chini. Pembeni yake kijimanyoya kimoja cha mtoto.

Mpaka leo mkimsikia hondohondo analia peke yake, hoo, hoo, hoo, halafu ananyamaza, jueni anasikiliza kama atajibiwa.

Wajukuu zangu, na nyie wakubwa. Ukimkosea mwenzio, taja ulichofanya, chote, kwa mdomo wako mwenyewe. Na kitaje mapema. Samahani ya kuazima haishibishi mtu, na ya kweli ikichelewa inakuta kaburi.

Hadithi yangu imetua hapo, mbawa haina tena.