Friza Moja, Ahadi Tatu

Nyemo,

Kaa chini. Waite na wale watatu wakae, kisha uisome barua hii kwa sauti, maana inawahusu wote. Ningepiga simu, ila ningekugombeza nawe ungekata.

Palikuwa na watu watatu kuzunguka mstari mmoja wa fremu za maduka hapo Manyoni, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake. Chiku ni fundi cherehani, na masikio yake husikia jambo kabla halijawa jambo. Ndahani hutengeneza baiskeli, lakini ujana wake wote aliumalizia Bwawa la Mtera akibanika samaki, na mikono yake haijasahau. Mwajabu anauza uji stendi, mkabala na fremu hizo, na hajazaliwa mtu wa kumwambia hapana mara mbili. Katikati yao palikuwa na binti mwenye duka la samaki wa kugandisha. Binti huyo ni wewe, na kipawa chako nitakisema baadaye kama hasira itaniruhusu.

Uliniandikia kwamba duka limefungwa kwa sababu watu wa Manyoni hawapendi samaki. Acha hizo. Nimeuza samaki Singida miaka ishirini na sita, sikufundishwa na mtu, nimefundishwa na hasara, na nusu ya wateja wangu wanatoka huko kwenu. Duka limefungwa kwa sababu mtaji uliupeleka ukutani. Ulilipa fremu mwaka mzima kwa mkupuo, ukaweka vigae, ukaweka kioo, ukachora sato mkubwa mlangoni anayecheka. Halafu ndani ya friza ukaweka kilo arobaini, friza la kubeba mia.

Friza lililojaa linajilinda lenyewe, kila samaki ni barafu ya mwenzake. Umeme ukikatika, likiwa limejaa na halifunguliwi, linasubiri siku mbili. Likiwa nusu, siku moja tu, tena ukiwa na bahati. Na yuniti za umeme wa Luku linakula karibu zilezile. Juu ya hapo ulikuwa unanunua sato wakiwa na barafu mwilini na kuwauza wameshayeyuka, kilo zimepungua, bei ileile. Hapo ulikuwa unanunua maji, mwanangu. Hilo nilipaswa kukwambia mapema. Sikukwambia, nilidhani unajua. Hilo ni kosa langu na nimelibeba.

Sasa turudi kwa watatu.

Alhamisi ile saa nne asubuhi umeme ulikatika, wewe ukiwa benki. Chiku alikuwa anashona, akasikia ukuta umenyamaza, friza halingurumi. Aliacha gauni la mteja chini ya sindano, akaingia kwako, akashindilia samaki wote upande mmoja wabanane, akafunga. Kisha akalifunika friza kwa mablanketi mawili mapya aliyomnunulia mama mkwe wake, akakaa juu ya kiti mlangoni kama askari. Wewe mwenyewe uliporudi ukataka kufungua uchungulie, akakupiga mkono. Mpaka Ijumaa mchana sato walikuwa bado wagumu. Mablanketi yananuka mpaka leo, na mama mkwe ameshafika.

Ijumaa mchana ikajulikana umeme haurudi upesi. Ndahani akasema samaki akishalegea hana tena maana, abanikwe akiwa bado baridi. Alifunga kibanda chake saa ileile, akapasua sato mgongoni mmojammoja, akawatia chumvi, akawaacha wachuje maji, akakata pipa la mafuta ya kula likawa tanuri. Moto mdogo, moshi mwingi, anawageuza kila baada ya muda. Wawili waliokuwa na harufu aliwatupa shimoni mbele ya macho yako, nawe ukanung'unika. Alikujibu kwamba mtu mmoja akiumwa tumbo, mji mzima utalijua jina lako. Huyo mzee ningemwajiri kesho. Mafundi baiskeli wenzake wamechukua wateja wake wawili wa kudumu.

Lakini samaki mkavu asiye na mnunuzi ni kuni tu. Mwajabu alimwaga uji wa jioni ile, akatembea mpaka kambi ya wajenzi wa barabara, akamkuta mpishi mkuu. Mpishi akasema wanakula maharage. Mwajabu akakaa jikoni kwake, akamsaidia kuchambua hayo maharage, akaongea. Hakuficha kitu: alisema umeme umekatika, samaki wamebanikwa siku hiyohiyo, njoo unuse kabla hujalipa. Jumamosi asubuhi mpishi alikuja, akanusa, akavunja mmoja akala, akabeba wote. Stendi sasa kuna mama mwingine anauza uji pale pale alipokuwa anakaa.

Umeme ulirudi Jumamosi saa sita. Kwa mauzo yale ulimlipa aliyekukopesha samaki, yaani mimi, ukafunga duka bila deni. Hapo ndipo kipawa chako: hukunikimbia. Wengi hubadilisha laini ya simu.

Ila nimesikia jambo lililonifanya niinuke kitini. Alhamisi ulimwambia Chiku, "Dada, samaki hawa wakipona, friza ni lako." Ijumaa ukamwambia Ndahani, "Mzee wangu, friza utachukua wewe." Jioni yake ukamwambia Mwajabu, "Mama, ukipata mnunuzi, beba friza." Nyemo! Hofu ilikufanya ugawe kitu kimoja mara tatu, kama tapeli anayeuza kiwanja.

Sasa wamesimama kulizunguka. Chiku anasema bila yeye Ndahani angebanika uozo. Ndahani anasema bila yeye Mwajabu angemwuzia mpishi hadithi. Mwajabu anawaambia wote wawili wangekuwa wanakula sato asubuhi, mchana na jioni mpaka wachukiane. Nilipomuuliza Chiku kwa simu, alinijibu, "Mama Monko, sitaki cha mtu. Nataka nilichoambiwa."

Usiniletee habari ya kuliuza mgawane. Hakuna aliyeahidiwa theluthi. Kila mmoja aliahidiwa friza, na neno ulilolitoa ukiwa na shida litimizwe shida ikiisha.

Tena sikiliza, maana hapa ndipo panapokugusa wewe. Friza litakapokaa, hapo nitatuma samaki, kilo mia, limejaa mpaka mfuniko. Mwenye friza atakuwa mwenzio wa biashara, nusu kwa nusu. Hakuna fremu, hakuna vigae, likae hata barazani. Kwa Chiku halitazimika bila kusikika. Kwa Ndahani hakuna samaki atakayepotea, na hakuna mbovu atakayeuzwa. Kwa Mwajabu halitalala na samaki. Umpate mmoja, na wawili utawatazama usoni kila asubuhi.

Mimi nimekosa usingizi kwa jambo hili, na si kawaida yangu. Nikiamua kwa aliyetangulia, namwona Chiku. Nikiamua kwa aliyefanya kazi nzito, namwona Ndahani. Nikiamua kwa aliyeleta mwisho, namwona Mwajabu. Nikinywa chai, nabadilisha tena.

Basi la Alhamisi linaondoka hapa saa moja asubuhi. Masanduku ya barafu nimeshayatoa, na kalamu ya kuandikia mifuniko ninayo mkononi. Jina lako nimeliandika. Pembeni yake nimeacha nafasi ya jina moja.

Nanyi mliokaa hapo mkisikiliza, hata usiyehusika uliyesimama dirishani: ungekuwa wewe umeshika kalamu hii, ungeandika nani?

Mama Monko,
Singida