Shangazi Zamoyoni na Mkia wa Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakaaawa!

Haya. Na wewe unayebonyeza simu chini ya kanga, iweke, maana hadithi hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo wanyama walikuwa na simu, paliondokea pimbi akiitwa Siwema. Alikaa kwenye majabali na watoto wake watatu. Pimbi, kama mjuavyo, adui yake ni tai. Kwa hiyo ukoo wote uliweka zamu. Mmoja anakaa juu ya jabali, anatazama angani. Akiona tai, anatuma ujumbe. Simu inalia ti! Pimbi wote, puruu, shimoni.

Sasa Siwema alikuwa na shangazi, Bi Zamoyoni, mjane, anakaa peke yake kilima cha pili. Shangazi huyo alipenda kutuma vichekesho. Jua halijachomoza, ti! Kichekesho cha fisi na harusi. Ti! Kichekesho kile kile. Ti! Ua jekundu limeandikwa asubuhi njema. Ti! Sambaza kwa pimbi kumi kabla jua halijazama, usiposambaza mkia wako utakatika.

Nawauliza, pimbi ana mkia?

Hana. Na walisambaza wote.

Siwema akachoka. Simu ikilia, haitazami tena. Ti, ti, ti, akasema moyoni, ni shangazi huyo. Siku moja, mojawapo ya hizo ti haikuwa ya shangazi. Ilikuwa ya mlinzi. Tai akashuka, vuuu! Kidoto, kitinda mimba, akaponea chupuchupu. Manyoya ya mgongo yalibaki kwenye kucha za tai.

Siwema akamkokota Kidoto mpaka shimoni, akamlamba mgongo. Kaka yake, Mbaruku, akamwambia amfungie shangazi asiweze kutuma kitu, au amseme kwenye kundi la ukoo, wote wasome.

Siwema akakataa. "Mama alipokufa, huyu ndiye aliyenibeba mgongoni. Siwezi kumfungia mlango, wala kumwaibisha mbele ya ukoo mzima. Nitamwandikia mwenyewe, peke yake."

Akaandika: Shangazi, unanisumbua. Akasoma, akafuta. Akaandika kwa kuzungukazunguka, eti siku hizi vichekesho ni vingi duniani. Akafuta, maana shangazi angedhani anaombwa vingine. Akafikiria kusema simu imeharibika. Akafuta hilo pia, maana shangazi angeleta fundi. Mwisho akaandika hivi:

"Shikamoo shangazi. Kile cha fisi na harusi nilicheka mpaka watoto wakaamka. Najua unatukumbuka, na nakushukuru. Ila simu hii ndiyo ninayosikilizia tai. Juzi ujumbe wa mlinzi ulikuja katikati ya vichekesho, sikuutazama, na Kidoto nusura achukuliwe. Nakuomba usinitumie tena vichekesho wala zile za sambaza kwa kumi. Habari zako mwenyewe nitumie wakati wowote. Na mimi nitakupigia kila jioni, tucheke kwa sauti. Mwanao, Siwema."

Akatuma. Kimya. Jua likapanda, kimya. Jua likashuka, kimya. Siwema akaumia, akajiona amemvunja moyo mama yake wa pili. Lakini ahadi ni ahadi, jioni akapiga.

Shangazi akapokea, sauti ndogo. "Mwanangu, sikujua. Huku niko peke yangu. Nikituma, nikaona umesoma, najua mko hai."

Siwema machozi yakamtoka. Akamwita Kidoto aongee na bibi. Kidoto akasimulia habari za tai, shangazi akasimulia za fisi, wakacheka wote watatu. Ikawa hivyo kila jioni, na mchana simu ikatulia.

Basi asubuhi moja watoto wanaota jua nje. Mlinzi yuko juu, anatazama. Lakini tai alikuwa mjanja, alikuja na jua mgongoni, mlinzi akaona mwanga mtupu. Kwenye kilima cha pili, Bi Zamoyoni alimwona tai kwa ubavuni, waziwazi.

Ti!

Mara moja tu. Siwema akatazama. Shangazi: Tai, upande wa jua.

"Shimoni!" Puruu, puruu, puruu! Ukoo mzima. Vuuu! Tai akakwaruza jiwe, kwaru, akaondoka na vumbi.

Pimbi wakatoka, wakapiga vigelegele mpaka kilima cha pili kikaitika. Wakamhamisha Bi Zamoyoni siku ile ile, wakampa jabali la juu kabisa, mlinzi wa upande wa jua. Mbaruku ndiye aliyembebea mzigo, akijua kwamba lingefuatwa shauri lake, ti ile isingefika.

Jamani, ndugu yako akikuzidishia, mwambie mwenyewe, kwa upole na kwa ukweli, umwambie cha kuacha na umwachie cha kushika. Usimfungie mlango.

Hadithi yangu imeingia shimoni salama, na imeishia hapo. Msiisambaze kwa kumi. Mkia hautakatika.